Makaratasi yote yapo. Je, thamani ya fedha ipo?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkaguzi wa ndani katika halmashauri ya wilaya, huu ni mwaka wangu wa kwanza. Nimepewa jalada la ujenzi wa zahanati. Kila kitu kimepita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni: mpango, tangazo, tathmini, bodi, mkataba. Mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi ananiambia hapo hakuna hoja. Lakini natakiwa kusema kama taratibu za zabuni zilifuatwa na kama thamani ya fedha ilipatikana. Naanzia wapi, na nitajuaje?*

Marahaba. Huyo mkuu wa kitengo huenda anasema kweli kuhusu alichokiona kwenye skrini, na bado halmashauri ikawa imelipia zege ambalo halijawahi kumwagwa. Skrini inaonyesha kwamba hatua zilipitiwa. Haionyeshi kilichoamuliwa ndani ya kila hatua, wala kilichojengwa kule kijijini.

Tulioanza kazi hii zamani tulizoea kuokota hoja rahisi: zabuni haimo kwenye mpango wa mwaka, tangazo halionekani, tuzo imetolewa bila kikao cha bodi. Tangu NeST ilipoanza kutumika 2023, na baadaye Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 pamoja na Kanuni zake za 2024, hoja za namna hiyo zimekuwa ngumu kupata kwa sababu mfumo haupendi mtu aruke hatua. Makosa yenyewe yamehama. Baadhi yamekwenda nyuma, kwenye michoro, makadirio ya mhandisi na mchanganuo wa kazi na bei, vitu vinavyoandaliwa mezani kabla ya mtu kubonyeza chochote. Mengine yamekwenda mbele, kwenye vipimo, hati za malipo na kazi za nyongeza. Ukibaki katikati, kwenye tangazo na muhtasari wa bodi, utaandika ripoti safi na utakuwa umekagua sehemu iliyolindwa kuliko zote.

Nitakupitisha kwenye mfano mmoja wa zahanati kama yako. Nimeuunda kwa kuunganisha mambo ninayoyaona mara kwa mara, na bei nimezirahisisha ili hesabu ifuatike, kwa hiyo usizichukue kuwa bei za soko la wilaya yako. Halmashauri ilikadiria jengo kwa shilingi milioni 145. Walijitokeza wazabuni wanne. Mzabuni A alishinda kwa milioni 146.2. B aliomba milioni 152 na ushee, C milioni 156.4. D aliomba milioni 131.5 na akaondolewa mapema. Mkataba ulikuwa wa kulipa kwa kadiri ya kazi iliyopimwa, jambo ambalo tutalirudia kwa sababu lina uzito.

Anza kwa kujenga mstari wa tarehe kwa mkono wako. Chukua karatasi, andika tarehe ya mchoro, ya makadirio, ya tangazo, ya kufungua zabuni, ya taarifa ya tathmini, ya kikao cha bodi, ya tuzo, ya dhamana ya utekelezaji, ya kusaini mkataba, ya kukabidhi eneo, ya kila hati ya malipo na ya kila agizo la mabadiliko. Tarehe ya kila hati ichukue kwenye hati yenyewe, kisha ilinganishe na siku iliyopakiwa kwenye mfumo. Mchoro wenye tarehe ya baada ya tangazo unakuambia wazabuni waliweka bei kwa kitu ambacho hakijakamilika. Eneo lililokabidhiwa kabla ya tuzo linakuambia kuna mtu alijua mshindi mapema. Dhamana ya utekelezaji usiipokee kwa kuitazama muhuri. Iandikie barua benki au kampuni ya bima iliyoitoa, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe na si ile iliyochapwa kwenye dhamana, waulize kama wanaitambua na inaisha lini. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja, na majibu yake yamewahi kuwaumbua wengi.

Baada ya hapo fungua taarifa ya tathmini, lakini usianze na mshindi. Anza na aliyeondolewa, hasa kama alikuwa na bei ya chini. Katika mfano wetu D aliondolewa hatua ya awali kwa kuwa nakala ya leseni yake ya biashara haikuthibitishwa na wakili. Sasa rudi kwenye nyaraka ya zabuni iliyotangazwa, usome vigezo kimoja baada ya kingine. Nyaraka ilitaka leseni hai ya biashara. Haikusema lolote kuhusu wakili. Kamati ya tathmini hairuhusiwi kupima kwa kigezo ambacho wazabuni hawakuambiwa, na hapo umepata hoja yako ya kwanza ya kutofuata taratibu bila kubishana na mtu, kwa sababu karatasi mbili zinapingana zenyewe.

Usikimbilie kuandika kwamba halmashauri imepoteza milioni 14.7, yaani tofauti ya A na D. Hujui kama D angevuka hatua ya ufundi. Huenda hakuwa na mhandisi anayetakiwa, huenda bei yake ilikuwa ya chini kiasi cha kutilia shaka kama angemaliza kazi. Unachoweza kuandika kwa uhakika ni kwamba zabuni iliyokuwa chini kwa milioni 14.7 iliondolewa kwa kigezo kisichokuwemo, na hivyo haikupimwa. Menejimenti ikijibu, hiyo sentensi itasimama. Ile ya hasara ya milioni 14.7 itaanguka, na ikianguka itaburuta hoja nyingine nzuri.

D ana kazi nyingine muhimu kwako, na hapa ndipo wakaguzi wengi hupita haraka. Chukua michanganuo ya bei ya wazabuni wote wanne, iweke kwenye jedwali moja la Excel, kila kazi mstari wake, kila mzabuni safu yake. Kama bei za mzabuni A ziko safu ya C ya Excel na za mzabuni B safu ya D, basi kwenye safu tupu andika fomula hii na uivute hadi chini:

```
=D5/C5
```

Fanya hivyo kwa mzabuni C na mzabuni D pia, bei za kila mmoja zikigawanywa kwa za mzabuni A. Katika mfano wetu A aliweka shilingi 42,000 kwa mita ya mraba ya ukuta wa tofali, 340,000 kwa mita ya ujazo ya zege na 450,000 kwa mlango mmoja. B aliweka 43,680, 353,600 na 468,000. C aliweka 44,940, 363,800 na 481,500. Ukizitazama hivi hivi ni bei za kawaida za watu wanaoshindana. Ukizigawanya, B ni 1.04 kwenye kila mstari na C ni 1.07 kwenye kila mstari, kuanzia kusafisha eneo hadi rangi ya mwisho.

Sasa mtazame D. Ukuta ni 38,500, zege 352,000, mlango 365,000. Uwiano wake kwa A unatoka 0.92, kisha 1.04, kisha 0.81. Hivyo ndivyo bei za mtu aliyekaa akapiga hesabu zake zinavyoonekana. Mmoja ana karakana ya useremala, kwa hiyo milango yake ni rahisi. Mwingine ana lori lake, kwa hiyo mchanga na kokoto haviumizi. Wakandarasi wawili wanaofanya kazi kwa uhuru hawawezi kupishana kwa asilimia ile ile kwenye simenti, kwenye bawaba na kwenye vibarua. Uwiano ukiganda namna hiyo, uwezekano mkubwa ni kwamba mchanganuo mmoja uliandaliwa, ukazidishwa kwa 1.04 kupata wa B na kwa 1.07 kupata wa C, na hao wengine walikuja kumsindikiza mshindi.

Angalia pia kama bei za A zinafanana na makadirio ya mhandisi kwa namna isiyo ya kawaida. Jumla kukaribiana si tatizo, maana mhandisi mzuri hukadiria karibu na soko. Tatizo ni mistari mingi kufanana mpaka shilingi, au A kurudia kosa la kujumlisha lililokuwa kwenye makadirio ambayo hakutakiwa kuyaona. Kosa la hesabu likionekana sehemu mbili kwa sura ile ile, halikuzaliwa mara mbili.

Hata hivyo jua mpaka wako. Uwiano ulioganda ni dalili nzito, ila wewe si mpelelezi. Huna mamlaka ya kuchukua simu za watu wala kufuatilia nani alimlipa nani. Andika ulichokihesabu, ambatisha jedwali, eleza kwamba mpangilio huu hauendani na ushindani huru, kisha pendekeza suala lipelekwe kwa wenye mamlaka hayo, yaani PPRA kwa upande wa ununuzi, Tume ya Ushindani kwa upande wa kula njama za zabuni, na TAKUKURU kama kuna harufu ya rushwa. Neno "wizi" liache nje ya ripoti.

Hadi hapa hujatoka ofisini. Kabla ya kwenda kijijini, kaa na mchoro upande mmoja na mchanganuo wa kazi upande mwingine, upime mwenyewe kutoka kwenye mchoro. Usiogope, huhitaji kuwa mkadiriaji majenzi kwa hili. Chagua kazi tano au sita zenye fedha nyingi. Kwenye majengo haya madogo mara nyingi ni zege, nondo, kuta, paa, na milango na madirisha. Rangi na vitasa viache.

Kwenye zahanati yetu, msingi una zege la ukanda lenye urefu wa mita 96, upana mita 0.6 na kina mita 0.2. Hiyo ni mita za ujazo 11.52. Jamvi la sakafu lina mita za mraba 180, na mchoro unasema unene wa milimita 100, kwa hiyo ni mita za ujazo 18. Jumla ni 29.52. Mchanganuo wa kazi unasema 38.52, na hati ya malipo namba 2 imelipa 38.52 hiyo hiyo. Tofauti ya mita 9 imetoka wapi? Toa 11.52 za ukanda kwenye 38.52, zinabaki 27 za jamvi. Gawanya 27 kwa 180 utapata 0.15. Aliyeandaa mchanganuo alihesabu jamvi kwa milimita 150 wakati mchoro unasema 100. Kwa bei ya shilingi 340,000, hizo mita 9 ni shilingi 3,060,000.

Lakini bado hujui kilichomwagwa. Pengine mkandarasi alimwaga milimita 150 kweli, mchoro ukawa ndio wenye kosa. Hapo ndipo safari inapohitajika, na usiende peke yako. Mwombe mhandisi wa halmashauri, mwakilishi wa mkandarasi, na mtu wa upande wa watumiaji, kama mganga mfawidhi au mjumbe wa kamati ya ujenzi, muwe pamoja. Vipimo viandikwe kwenye karatasi moja mbele ya wote, na wote wasaini siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Vipimo ulivyovichukua peke yako vitabishiwa, na mara nyingi atakayekubishia atashinda kwa sababu huna shahidi.

Unene wa jamvi una mtego wake. Mtu atakupeleka kwenye ukingo wa baraza, atakuwekea futi, nayo itasoma 150 au zaidi. Ukingo wa jamvi mara nyingi hunenepeshwa kwa makusudi ili usimomonyoke, kwa hiyo hauelezi katikati kuna nini. Tafuta tundu ambalo bomba la maji machafu linapita sakafuni kama bado halijazibwa, au omba itobolewe sampuli ya duara sehemu mbili tatu za ndani kwa mashine, kisha mhandisi azibe. Na kabla hujafika kwenye kutoboa, omba daftari la kila siku la eneo la kazi. Zege la mchanganyiko wa 1:2:4 hula takribani mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Jamvi la mita 27 lingekula mifuko kama 170, la mita 18 lingekula kama 113. Katika mfano wetu daftari la siku ya kumwaga jamvi limeandika mifuko 118. Tundu la bomba likasoma milimita 100 na kidogo. Sasa una mchoro, daftari na kipimo, na vyote vitatu vinasema jambo moja.

Hapa ndipo aina ya mkataba inapoamua hoja yako iende kwa nani. Kwa kuwa mkataba huu ni wa kulipa kwa kazi iliyopimwa, hati ya malipo namba 2 ilipaswa kutokana na vipimo vya eneo la kazi, si kunakili tarakimu za mchanganuo. Aliyeisaini hakupima, na mkandarasi amelipwa zaidi ya alichofanya. Fedha hiyo inarudishwa. Kama mkataba ungekuwa wa bei moja isiyobadilika kwa jengo zima, mkandarasi angekuwa na haki ya kusema alikubaliana kujenga jengo la kwenye mchoro kwa bei ile, na kosa la vipimo lingekuwa la halmashauri. Hoja ingebaki, ila ingemwelekea aliyeandaa mchanganuo na aliyeuidhinisha. Nimeona hoja nzuri zikifutwa kwa sababu mkaguzi hakusoma kifungu hiki kabla ya kudai marejesho.

Nondo nazo uzipime ukiwa pale pale, maana hazichukui muda. Okota vipande vilivyobaki, kata vyenye urefu wa mita moja, uviweke kwenye mizani. Uzito wa nondo kwa mita, kwa kilo, ni kipenyo kwa milimita kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kikigawanywa kwa 162. Nondo ya milimita 12 inatakiwa iwe na takribani kilo 0.89. Viwango huruhusu tofauti ya asilimia chache. Ukikuta vipande vingi vinasoma 0.75, rudisha hesabu kinyume: 0.75 mara 162 ni 121.5, na kipeuo chake cha pili ni karibu 11. Hiyo ni nondo ya 11 iliyouzwa kwa jina la 12. Kipande kimoja hakitoshi, na hakikisha mkandarasi anakubali kwa maandishi kwamba vipande hivyo vimetoka kwenye kazi hii. Mabati ya paa pia hupunguzwa kwa njia hiyo hiyo: geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na rangi huongeza kidogo kwenye kipimo.

Sehemu iliyobaki ni ile ninayoiona kuwa na fedha nyingi kuliko zote, nayo ni kazi za nyongeza. Kwenye jalada letu kuna agizo la mabadiliko la shilingi 11,800,000 kwa ajili ya tanki la maji taka. Maelezo yanasema kazi hiyo "haikutarajiwa". Fungua mchoro wa eneo lote: tanki limechorwa, na tarehe ya mchoro ni kabla ya tangazo. Zahanati yenye vyoo vya ndani haiwezi kukosa mahali pa maji taka. Kilichotokea ni kwamba tanki liliachwa nje ya mchanganuo, wazabuni hawakulishindania, na baada ya mkataba likarudi kwa bei aliyoitaja mkandarasi peke yake. Inawezekana alisahau tu aliyeandaa. Kwa hoja yako matokeo ni yale yale: kazi iliyojulikana haikuingia kwenye ushindani.

Angalia kwanza idhini. Mabadiliko yanatakiwa yaidhinishwe na mamlaka husika kabla ya kazi kufanyika, tena kukiwa na fedha iliyotengwa. Linganisha tarehe ya idhini na tarehe za daftari la eneo la kazi. Kwenye mfano wetu shimo lilichimbwa wiki tatu kabla ya barua ya idhini. Hapo hakuna cha kueleza, idhini ilikuja kuhalalisha kilichokwisha kufanyika.

Kisha bei. Wengi hukwama hapa wakitafuta bei ya soko ya tanki, wanapiga simu kwa mafundi, kila mmoja anataja yake. Huna haja. Mkandarasi alishatoa bei zake kwenye mkataba, na kazi ya nyongeza inayofanana na kazi iliyomo kwenye mchanganuo inalipwa kwa bei hizo hizo. Tanki ni nini? Ni kuchimba, zege la chini na la kufunika, ukuta wa tofali, lipu, nondo, mbao za kushikilia zege, pamoja na mabomba na mifuniko ya chemba. Karibu vyote A ameshaviwekea bei kwa ajili ya jengo. Pima tanki lililopo, kisha zidisha. Kuchimba mita za ujazo 33 kwa 12,000 ni 396,000. Zege la chini na la juu, mita 4.5 kwa 340,000, ni 1,530,000. Ukuta wa mita za mraba 28 kwa 42,000 ni 1,176,000. Nondo kilo 300 kwa 3,500 ni 1,050,000. Lipu ni 360,000, mbao 200,000. Mabomba na mifuniko hayakuwa na bei kwenye mkataba, kwa hiyo hapo tumia nukuu za maduka, tuseme 900,000. Jumla ni shilingi 5,612,000. Halmashauri imelipa 11,800,000, zaidi ya mara mbili, wakati karibu bei zote ilikuwa nazo yenyewe kwenye jalada.

Mkandarasi anaweza kuleta sababu, nawe umsikilize. Kuchimba kwenye mwamba si sawa na kuchimba udongo, na kina kikubwa hubadili bei. Kama kuna mwamba, utauona kando ya shimo na kwenye kifusi, na daftari litaonyesha siku nyingi za kuchimba. Kama daftari linaonyesha vibarua wanne walimaliza kwa siku mbili, mwamba huo ulikuwa kwenye barua tu.

Usisahau swali moja ambalo halihusu bei hata kidogo: jengo linatumika? Nimekuta majengo yaliyonunuliwa kwa bei nzuri sana, taratibu zote zimefuatwa, popo ndio wakazi. Umeme haujafika, watumishi hawajapangwa, vifaa viko bohari ya wilaya. Ukikuta hivyo, andika, na utafute kwenye mpango wa mwaka kama vitu hivyo viliwahi kupangwa pamoja na jengo.

Ukiandika, kila hoja iwe na kigezo, ulichokikuta, sababu, athari na pendekezo, na uzitenganishe. Ya tathmini ya D iwe peke yake, ya bei zilizoganda peke yake, ya jamvi, nondo na tanki kila moja peke yake. Ukizichanganya kwenye aya moja inayosema "taratibu zilikiukwa na thamani ya fedha haikupatikana", menejimenti itajibu ile dhaifu na itanyamazia zilizobaki. Hoja ya jamvi, kwa mfano, inaweza kusomeka hivi: mkataba unataka malipo kwa kazi iliyopimwa, hati namba 2 imelipa mita za ujazo 27 za jamvi wakati mchoro, daftari la eneo la kazi na vipimo vya pamoja vinaonyesha 18, hati ilisainiwa bila karatasi ya vipimo, malipo yaliyozidi ni shilingi 3,060,000, fedha irejeshwe kupitia hati inayofuata. Mpe mhandisi rasimu asome vipimo kabla ya menejimenti kujibu rasmi. Akikuta umekosea urefu wa ukanda wa msingi, bora akuambie yeye kuliko mkaguzi wa CAG.

Ripoti yako inakwenda kwa Mkurugenzi kama afisa masuuli, na Kamati ya Ukaguzi nayo inaipata. Usikubali kuambiwa kwamba hoja imalizwe kwa mazungumzo kabla haijaandikwa. Nakala ya ripoti ya robo mwaka kwa Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali ipo kwa sababu hiyo.

La haraka zaidi ni fedha ya zuio, yaani sehemu ya malipo ya mkandarasi inayoshikiliwa hadi kasoro zirekebishwe, kwa hiyo lifanye kesho asubuhi kabla ya yote niliyoandika. Kwenye mfano wetu malipo yote ni milioni 158, na zuio la asilimia 5 ni milioni 7.9. Nusu yake kwa kawaida huachiwa kazi ikikabidhiwa, hivyo zinabaki milioni 3.95 hadi mwisho wa kipindi cha matazamio. Jamvi na tanki peke yake ni shilingi 9,248,000 zilizolipwa zaidi. Kama kipindi hicho bado hakijaisha, kuna kitu cha kukata kwenye hesabu za mwisho za mkataba. Kwa hiyo angalia kwenye mfumo wa malipo wa MUSE kama zuio limeshalipwa, na kama halijalipwa, mwandikie afisa masuuli barua fupi ya tahadhari lisiachiwe mpaka vipimo vya pamoja vifanyike.